Dozi ya "saa nne": usiku mmoja kwenye wodi ya kina mama

Karatasi yangu ya kazi usiku ule ilikuwa nusu ya A4 iliyokunjwa mara mbili ili itoshee mfuko wa sare. Kwenye mstari wa tatu nilikuwa nimeandika: "K7, magnesiamu, saa nne." Sikuona kasoro yoyote. Nilikuwa nimeandika kile nilichosikia, na nilichosikia ndicho kilichosemwa. Hata hivyo, saa mbili na dakika arobaini usiku nilikuwa nimesimama kando ya kitanda cha 7 nikiwa na dozi iliyochelewa, mgonjwa mwenye usingizi mzito kupita kiasi, na mfuko wa mkojo ambao sikujua umeanza kujaa lini.

Ni hospitali ya umma hapa Nairobi, na jina lake halina kazi katika kisa hiki. Wodi ni ya kina mama waliojifungua, wengi wao kwa upasuaji. Usiku huo tulikuwa na akina mama 28. Kwenye ratiba tulikuwa wauguzi wawili na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu. Kwa hali halisi nilikuwa mimi na mwanafunzi, maana mvua ilikuwa imenyesha tangu saa kumi na mwenzangu alikuwa amekwama kwenye matatu Barabara ya Thika, kila baada ya dakika kumi akinitumia ujumbe kwamba wamesogea kidogo. Muuguzi wa mchana naye alikuwa na haraka yake. Mvua ikinyesha jijini nauli hupanda, na kila dakika anayokaa wodini inamtoka mfukoni. Tukakabidhiana zamu saa kumi na mbili na nusu, tukipita kitanda hadi kitanda kwa mwendo wa watu wanaokimbizana na basi.

Tulipofika kitanda cha 7 akasema hivi: "Huyu ni presha kali, amefanyiwa upasuaji asubuhi, yuko kwa magnesiamu ya saa nne, ya mwisho nimempa mimi. Ana katheta, mkojo upo." Nikaandika, tukasogea.

Sasa sikiliza ile sentensi kama unavyoisikia wewe msomaji wa Kiswahili. "Magnesiamu ya saa nne" ni dawa inayotolewa kila baada ya saa nne, au ni dawa ya kutolewa saa nne usiku? Yeye alimaanisha la kwanza. Mimi, nikiwa nimeinama kwenye karatasi yenye safu ya saa, nikasikia la pili. Kwenye karatasi ya dawa tunaandika saa kwa mtindo wa 24, lakini midomo yetu inahesabu kuanzia alfajiri. Alikuwa amempa 16:00, yaani saa kumi jioni, kwa hiyo iliyofuata ilikuwa ya 20:00, saa mbili usiku. Mimi niliiweka kichwani kuwa ya 22:00. Saa mbili nzima zilipotelea kwenye maneno mawili ambayo kila mmoja wetu aliyatamka sawasawa. Nimewahi kusikia watu wakisema makosa ya namna hii huletwa na Kiingereza kibovu. Hili lililetwa na Kiswahili kizuri.

Ili ueleweke uzito wake, lazima nieleze ile dawa inafanyaje kazi.

Mama huyu alikuwa na umri wa miaka 24, uzazi wa kwanza, mimba ya wiki 36. Alikuja alfajiri na kichwa kinamuuma, anaona vimulimuli, presha 174/116 na protini kwenye mkojo. Hiyo ni hali inayotangulia kifafa cha mimba, na magnesiamu salfeti ndiyo dawa ya kumzuia asifike kwenye degedege. Mwaka 2002 utafiti mkubwa uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33 ulionyesha kwamba dawa hii hupunguza uwezekano wa degedege kwa zaidi ya nusu. Haishushi presha kwa maana ya kutegemewa. Presha ina dawa zake. Kazi ya magnesiamu ni kutuliza mishipa ya fahamu na ubongo.

Sisi tulikuwa tunatumia utaratibu wa Pritchard, ambao unafaa wodi isiyo na pampu za dripu. Saa mbili asubuhi, 08:00, alipewa dozi ya kuanzia: gramu 4 polepole kwenye mshipa, na gramu 10 kwenye misuli, 5 kila tako. Mtoto alitolewa 09:50, kilo 2.3, akalia vizuri. Baada ya hapo ni gramu 5 kwenye tako kila baada ya saa nne, ukibadilisha upande, hadi zitimie saa 24 tangu kujifungua au tangu degedege ya mwisho, ikitegemea kipi kimekuja baadaye. Gramu 5 ni mililita 10 za ile dawa ya asilimia 50, ukiongeza mililita 1 ya lignokeini kupunguza maumivu. Ni sindano kubwa. Hakuna mama anayeisahau.

Dawa hii hutoka mwilini kwa njia ya figo, karibu yote. Figo zikifanya kazi, dozi inayoingia inakutana na ile iliyokwisha kupungua. Figo zikizembea, kila dozi inapanda juu ya mgongo wa iliyotangulia. Na sumu yake ina mpangilio: kwanza goti linaacha kuruka ukiligonga, kisha pumzi inapungua hadi kukoma, kisha moyo. Goti hutangulia pumzi. Ndiyo maana kabla ya kila dozi kuna mambo matatu ya kupima: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti liruke, na mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa katika saa nne zilizopita. Moja likikosekana, dozi inasimama. Wodi nyingi hazipimi kiwango cha magnesiamu kwenye damu usiku. Goti ndilo maabara yako.

Kwa hiyo dawa hii inakubana pande mbili. Ukichelewa, mama anaweza kupata degedege. Ukitoa bila kupima, unaweza kumzima pumzi. Karatasi yangu ilikuwa na nafasi ya upande mmoja tu.

Nirudi kwenye saa moja na dakika kumi. Nilipita mzunguko wa kwanza, ule wa macho. Mwanafunzi alibaki na watoto na mimi nikapita vitanda vyote 28 bila kumpa mtu dawa: nani anapumua vibaya, nani pedi imelowa, dripu gani imekwisha, kanula gani imevimba. Mzunguko huu huchukua kama dakika ishirini na watu wengi huuruka kwa sababu hauna cha kusaini. Siwezi kuuacha. Ndio ulionionyesha mama wa kitanda cha 12, aliyetoka damu nyingi mchana na hemoglobini yake ikawa 6.2. Damu yake ilikuwa imeshuka kutoka benki ya damu na ilikuwa juu ya meza, bado haijaunganishwa. Pakiti ikitoka kwenye friji unatakiwa uianze ndani ya nusu saa na imalizike ndani ya saa nne, na dakika kumi na tano za kwanza unasimama pale pale, kwa sababu mwili ukiikataa damu mara nyingi utaonyesha mwanzoni. Hilo likawa na saa yake, tena saa kali. Tukahakiki jina, namba na kundi la damu pamoja na daktari aliyekuwa akipita, tukaanza saa moja na dakika arobaini.

Kitanda cha 7 nilikipita kwenye mzunguko ule ule. Alikuwa amelala. Mfuko wa mkojo ulikuwa unaning'inia na ndani kulikuwa na kitu. Nikajiambia, mkojo upo, analala vizuri, dawa yake ni saa nne. Nikaweka alama ya vema.

Ile alama ndiyo ninayoijutia kuliko dozi yenyewe. Mama aliye kwenye magnesiamu akilala vizuri, hujajua chochote. Anaweza kuwa amechoka, na ana haki ya kuchoka. Pia anaweza kuwa anazama. Ukitaka kujua lazima umwamshe au umguse, na mimi nilishukuru kwamba kuna mgonjwa mmoja asiyenihitaji.

Nilikuwa bado na kitanda cha 12 mwanafunzi aliponijia. Huyu binti alikuwa amepewa kazi ya kupanga karatasi za dawa za mzunguko wa saa tatu, na kwa kuwa bado hakuwa na mazoea yetu ya kutegemea maneno, alisoma tarakimu.

"Sista, samahani. Mama wa saba, hapa imesainiwa 16:00, tena kila saa nne. Si ilikuwa saa mbili?"

Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na dakika arobaini. Kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa mkono kwenda kwenye kabati la dawa. Nataka nikiseme wazi kwa sababu nadhani ndicho kila muuguzi angefanya: ukigundua umechelewa, mwili unataka kulipa deni haraka. Unavuta dawa, unachoma, unasaini, moyo unatulia. Kilichonizuia ni kwamba ukurasa wa magnesiamu tunaoutumia una visanduku vitatu juu ya sehemu ya sahihi, na nilipouangalia visanduku vya 16:00 vilikuwa na pumzi 18, goti "lipo", na mkojo "upo". Mkojo "upo" si kipimo. Nikaenda kitandani mikono mitupu.

Nilimwita, akafumbua macho polepole. Nikamuuliza anajisikiaje. "Nasikia usingizi tu, sista. Na miguu imekuwa mizito." Ulimi wake ulikuwa unaburura kidogo. Nilihesabu pumzi dakika nzima, si nusu dakika mara mbili, na nikahesabu nikiwa nimemshika mkono kana kwamba napima mapigo, maana mtu akijua unamhesabu pumzi huzibadilisha. Zilikuwa 14.

Kinyundo cha goti cha wodi kilipotea siku nyingi. Tunatumia ukingo wa kichwa cha stethoskopu. Nikapitisha mkono wa kushoto chini ya goti lake, nikaliinua kidogo hadi mguu ulegee, nikagonga kwenye ule mshipa ulio chini tu ya kilegesambwa. Mguu haukuruka. Nikamwambia afungamanishe vidole vya mikono miwili na kuvuta, mbinu ya zamani ya kumtoa akili kwenye goti, nikagonga tena. Msuli wa paja ukatetemeka kidogo, ule mtetemo unaouhisi kwa kiganja zaidi ya kuuona. Upande wa pili hivyo hivyo. Lipo, lakini dhaifu. Kama ganzi ya mgongoni ingekuwa bado haijaisha ningepima kiwiko badala ya goti, kwa sababu ganzi hiyo huizima miguu bila kosa la magnesiamu. Ila ganzi yake ilikuwa ya saa tatu na nusu asubuhi, saa kumi na moja zilizopita. Isingeweza kuwa kisingizio.

Kilichoweza kuwa kisingizio ni pethidini. Karatasi ilionyesha amechomwa miligramu 100 saa kumi na mbili jioni kwa maumivu ya kidonda. Pethidini nayo hulaza na hupunguza pumzi. Basi hizi 14 ni za pethidini au za magnesiamu? Hapa ndipo goti linapofaa, maana dawa za jamii ya pethidini hazina tabia ya kuliondoa. Mtu akiwa na pumzi chache na goti linaruka kama kawaida, tazama upande wa pethidini. Pumzi chache na goti limefifia, usiiachie magnesiamu iende zake. Yeye alikuwa katikati, na katikati unasimama upande wa tahadhari.

Likabaki la tatu, mkojo. Nilifunua blanketi kwanza nione kama mrija umejikunja au ameulalia. Haukuwa na tatizo. Kwenye mfuko kulikuwa na mililita 380. Ni nyingi, kwa jicho. Ukurasa wa maji yanayoingia na kutoka ulikuwa na maandishi ya mwisho ya 14:00: "200". Basi. Hakuna neno jingine.

Fanya hesabu hizi nami, kwa sababu kisa chote kimekaa humo. Kutoka 14:00 hadi 20:45 ni saa 6 na dakika 45. Ikiwa ile 200 ilisomwa na kumwagwa, mfuko ulianza upya kutoka sifuri, na 380 yote ni ya muda huo. Hiyo ni mililita 56 kwa saa. Figo nzuri, hakuna wasiwasi. Ikiwa ile 200 ilisomwa tu na haikumwagwa, basi mkojo mpya ni 180, ambayo ni mililita 27 kwa saa. Chini ya 30. Dozi inasimama. Mfuko mmoja, tarakimu mbili zilizoandikwa kwa uaminifu, na majibu mawili yanayopingana. Nilimpigia simu muuguzi wa mchana. Imezimwa. Kwenye matatu ya Nairobi usiku na mvua, nani anatoa simu?

Nikampigia daktari wa zamu, nikampa kwa mpangilio: mama wa kitanda cha 7, siku ya upasuaji, presha kali, dozi ya 20:00 haijatolewa, pumzi 14, goti dhaifu pande zote mbili, mkojo hauaminiki, na presha niliyopima sasa hivi ni 168/112. Naomba uje. Hilo la presha nalo lilikuwa limepotea kwenye shimo lile lile, kwa sababu niliandika vipimo vyake vifanywe "pamoja na dawa". Dawa ilipohamia saa nne kichwani mwangu, presha nayo ikahamia. Presha ya 160 au 110 na zaidi, kwa mama wa aina hii, haisubiri mzunguko. Inatakiwa ianze kushughulikiwa ndani ya saa moja, mapema zaidi ikiwezekana, kwa hofu ya damu kuvuja kwenye ubongo.

Wakati namsubiri nilifanya mambo manne. Niliinua kichwa cha kitanda na kumwekea kipimo cha oksijeni kidoleni, kikasoma 95. Nilileta kalsiamu glukoneti na kuiweka juu ya kabati lake dogo, ikiwa na sindano, haijavunjwa: gramu 1, yaani mililita 10 za asilimia 10, ndiyo inayopingana na magnesiamu ikiwa pumzi zitaporomoka, na hutolewa kwenye mshipa polepole. Kuitafuta mama akiwa ameshaacha kupumua ni kuchelewa. Nilipunguza dripu yake, maana jibu la haraka la mkojo mdogo, kumimina maji, kwa mama wa presha ya namna hii linaweza kumjaza maji mapafuni. Na la nne, lililokuwa dogo kuliko yote: nilimwaga mfuko hadi tone la mwisho na kuandika "20:50, 380, IMEMWAGWA, mfuko 0". Mwanafunzi akasaini pamoja nami. Kwa mara ya kwanza tangu saa nane mchana mkojo wa mama yule ulikuwa na mwanzo.

Mwenzangu aliingia saa tatu kasoro dakika tano, viatu mkononi, akachukua kitanda cha 12 bila kuuliza swali. Namshukuru hadi leo.

Daktari alifika saa tatu na dakika kumi. Akapima goti mwenyewe, akakubaliana nami. Akasimamisha magnesiamu, akachoma haidralazini miligramu 5 polepole kwenye mshipa, akachukua damu ya kupima kreatinini, inayoonyesha figo zinavyofanya kazi. Kalsiamu hakuitoa, kwa kuwa pumzi zilikuwa juu ya 12, oksijeni inakaa, na goti bado lina uhai. Akaniambia nihesabu pumzi kila robo saa, na zikishuka chini ya 12 nisimsubiri. Presha ikashuka hadi 150/98 baada ya dakika kama ishirini na tano.

Saa ya kwanza mfuko ulitoa mililita 24. Ilikuwa kama kuambiwa matokeo ya mtihani. Hapo ndipo nilipoamini kwamba ile hesabu mbaya ndiyo iliyokuwa ya kweli, na kwamba kama ningefuata mkono wangu kabatini ningeongeza gramu 5 juu ya figo zilizokuwa zimelegea. Saa ya pili 38. Saa ya tatu 44. Pumzi zikapanda hadi 18 kufikia saa sita kasoro robo, wakati ambao pethidini nayo ilikuwa imeisha makali. Kreatinini ikarudi ikiwa ndani ya kiwango cha kawaida. Goti likaruka, safari hii mguu ulipiga ukingo wa kitanda na mama akacheka. Daktari akasema turudi kwenye dozi, na saa sita usiku kamili nikachoma gramu 5 tako la kushoto. Kwa nini hasa alififia? Sidhani kuna mtu anaweza kugawa asilimia. Kulikuwa na pethidini, kulikuwa na mkojo mdogo baada ya upasuaji, na kulikuwa na gramu 24 za magnesiamu ndani ya saa nane. Vyote vilikuwemo.

Nisijifanye kwamba kila kitu kingine kiliokolewa. Seftriaksoni ya kitanda cha 19 ilikwenda ikiwa imechelewa saa moja na nusu. Kina mama wawili walisubiri dawa ya maumivu zaidi ya inavyostahili, na mmoja alinigombeza, naye alikuwa na haki. Wauguzi wawili kwa vitanda 28, pamoja na watoto wao ambao hakuna anayewahesabu, hawawezi kufika kila mahali kwa wakati. Swali ni nini kichelewe. Antibayotiki ya kuzuia maambukizi inavumilia saa moja. Damu iliyotoka kwenye friji haivumilii. Magnesiamu haivumilii kuchelewa, na haivumilii kuwahi bila kupimwa.

Nilichobadilisha kwenye karatasi yangu tangu usiku ule ni kidogo, na wenzangu wawili watatu wameiga. Siandiki tena "saa nne" kwa maana yoyote ile. Naandika tarakimu ya mwisho na tarakimu ijayo, zikifuatana, nikizisoma mwenyewe kwenye karatasi ya dawa na si kwenye mdomo wa mtu: "16:00 → 20:00". Mshale unajilinda, mtu akisema saa nne nawe umeandika 20:00, mnalazimika kuulizana. Pia, dawa yenye masharti haikai peke yake kwenye mstari. Kabla yake, nusu saa nyuma, kuna mstari wa masharti: "19:30, K7, pumzi, goti, mkojo, presha". Nikigundua saa moja na nusu kwamba mkojo hauna mwanzo, ninayo nusu saa ya kuhangaika. Nikigundua saa mbili na dakika arobaini, sina kitu.

Na mifuko yote ya mkojo inamwagwa wakati wa kukabidhiana zamu, wawili tukiwa tumesimama. Inaongeza dakika sita au saba. Watu wenye haraka hawaipendi, na siku ya mvua hawaipendi zaidi. Lakini dozi iliyosahaulika saa kumi unaweza kuigundua saa mbili kwa kusoma karatasi, kwa sababu karatasi inabaki. Saa ya mkojo iliyopita bila kupimwa haimo popote. Huwezi kuirudia.

Asubuhi saa moja kasoro, yule muuguzi wa mchana alirudi, mwavuli unachuruzika. Nikamuuliza kuhusu ile 200 ya saa nane. Akafikiri. "Nilisoma tu. Nilitaka kumwaga, nikaitwa." Hakujitetea na mimi sikumlaumu, karatasi yangu na yake zilikuwa zimeandikwa na mkono ule ule wa haraka. Tukaenda kitanda cha 7. Mama alikuwa amekaa, mtoto titini, presha 146/94. Tukainama wote wawili kwenye mfuko, tukasoma, tukamwaga.

"Imebaki moja," nikamwambia. "Ya saa—"

"Usiniambie saa," akasema, akageuza karatasi upande wake. Akaandika 04:00, mshale, 08:00, na kando yake 07:30 yenye visanduku vitatu vitupu. Kisha akauliza, "Tako gani?"

"Kushoto."